Koili au mirija iliyofungwa, na kipimo kinaonyesha mimba: swali la kwanza ni mimba iko wapi

Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Mowlem na mitaa jirani



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo hutokea mara chache, lakini linapotokea huwapata watu hawajajiandaa hata kidogo. Mama alifunga mirija miaka saba iliyopita, au ana koili iliyowekwa kliniki, na hesabu ya watoto nyumbani ilikwisha fungwa. Kisha mwezi unapita bila hedhi. Ananunua kipimo kwa kemisti, na mistari miwili inatokea.

Katika nyumba nyingi maswali yanayofuata ni ya lawama. Mume anauliza mimba ni ya nani. Mama mkwe anauliza kama kweli alifunga. Mwenyewe anajiuliza ni nani aliyemfanyia kazi mbaya. Maswali hayo hula siku, na wakati mwingine wiki. Mhudumu wa afya huanza na swali jingine kabisa, ambalo jibu lake haliwezi kungoja: mimba hii iko wapi?

Kwa nini inawezekana

Hakuna njia ya kupanga uzazi inayozuia mimba kwa asilimia mia moja. Kati ya wanawake 1,000 wanaotumia koili ya shaba, 6 hadi 8 hivi hupata mimba katika mwaka wa kwanza. Kati ya wanawake 1,000 waliofunga mirija, kama 5 hupata mimba katika mwaka wa kwanza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996, uliofuatilia wanawake zaidi ya 10,000 waliofunga mirija, ulionyesha kwamba kwa muda wa miaka 10 idadi hiyo hufika 18 au 19 katika kila 1,000. Maana yake ni kwamba miaka mingi ikipita baada ya upasuaji, uwezekano haujaisha. Mama aliyefunga miaka minane iliyopita hapaswi kusema, "Kama ingeshindwa ingeshindwa mapema."

Kwa hiyo jibu kwa mume anayeuliza mimba ilitoka wapi ni kwamba mimba baada ya kufunga mirija ni jambo linalojulikana kitabibu, na si ushahidi wa uzinzi. Wala si lazima daktari awe alikosea. Mrija uliokatwa na kufungwa ni nyama hai, na nyama hai huweza kujiunga tena au kuacha kijitundu kidogo. Koili nayo huweza kuteremka au kutoka yenyewe, hasa katika miezi ya kwanza baada ya kuwekwa, na mama asitambue kwa sababu ilitoka pamoja na damu ya hedhi. Wakati mwingine mimba ilikuwa imekwisha kuingia siku ile ya kufunga, ikiwa changa mno kuonekana kwenye kipimo.

Kijitundu kinachopitisha mbegu na kuzuia yai

Kwa kawaida mbegu za kiume hupanda kupitia mfuko wa uzazi na kuingia kwenye mrija, ambako hukutana na yai. Yai lililorutubishwa hukaa siku kadhaa likisafiri kurudi kwenye mfuko wa uzazi, na huko ndiko hujipandikiza. Mfuko huo una ukuta mnene unaotanuka. Mrija hauna. Upana wake ndani ni mdogo sana na ukuta wake ni mwembamba.

Sasa chukua mrija uliofungwa zamani na ukaacha kijitundu. Mbegu ya kiume ni ndogo mno, hupita. Yai lililorutubishwa ni kubwa mara nyingi kuliko mbegu, hukwama. Linapokwama hujipandikiza hapo hapo ndani ya mrija na kuanza kukua. Hiyo ndiyo mimba ya nje ya mfuko wa uzazi, ambayo wengi huiita mimba ya mrija. Haiwezi kuzaliwa mtoto, na haiwezi kuhamishwa ikapelekwa mahali pake. Ikiendelea kukua huupasua mrija, na mama humwaga damu ndani ya tumbo, mahali ambapo hakuna anayeiona.

Kwa wanawake wote kwa jumla, katika kila mimba 100, moja au mbili huwa nje ya mfuko wa uzazi. Kwa waliofunga mirija, katika kila mimba 100 zinazotokea, kama 33 huwa nje. Hiyo ni moja kati ya tatu. Kwa wenye koili ya shaba ni 6 hadi 8 katika kila mimba 100. Koili hulinda mfuko wa uzazi vizuri kuliko inavyolinda mrija, kwa hiyo ile mimba chache inayoponyoka ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa mrijani.

Hapa panahitaji uangalifu, maana maneno haya yakisikika nusu yatawatisha watu bure. Koili haisababishi mimba ya mrija. Katika wanawake 10,000 wenye koili ya shaba, kama 12 hupata mimba ya mrija kwa mwaka. Katika wanawake 10,000 wasiotumia njia yoyote, ni kama 65. Mwenye koili amelindwa. Hatari inayozungumziwa leo ni ya yule mmoja ambaye kipimo chake tayari kinaonyesha mimba. Huyo ndiye asiyepaswa kungoja.

Mfano wa mama mmoja

Mfano huu si wa mtu fulani wa mtaani. Umetungwa ili hatua zionekane kama zinavyofuatana.

Mama wa miaka 35, watoto watatu, alifunga mirija siku aliyojifungua wa mwisho kwa upasuaji, miaka saba iliyopita. Hedhi yake huja kila baada ya siku 28. Ya mwisho ilianza tarehe 5 Juni, kwa hiyo nyingine ilitarajiwa tarehe 3 Julai. Haikuja. Hakujali sana, maana alijua amefunga. Tarehe 14 Julai aliona matone ya damu nyeusi kwa siku mbili, akasema hedhi imefika, imechelewa tu. Kisha upande wa kushoto wa tumbo, chini, ukaanza kuuma kidogo kidogo. Akanunua dawa ya maumivu. Mtu akamwambia ni vidonda vya tumbo, mwingine akasema ni ugonjwa wa njia ya mkojo.

Tarehe 19 Julai alipima mkojo. Mstari wa pili ulitokea, lakini ulikuwa hafifu. Mstari hafifu si nusu mimba, wala si kosa la kipimo. Unaonyesha homoni ya mimba ipo, na mara nyingi mimba ya mrija hutoa homoni hiyo kwa kiasi kidogo. Siku ile ile alikwenda kituo cha afya akasema maneno haya: "Nilifunga mirija, kipimo kinaonyesha mimba, na nina maumivu upande mmoja." Sentensi hiyo moja ilimtoa kwenye foleni ya kawaida, kwa sababu kila mhudumu aliyefunzwa anajua maana yake. Akapewa barua ya rufaa siku hiyo hiyo.

Hospitalini walipima presha na mapigo ya moyo, wakatoa damu ya kupima wingi wa damu na kundi lake, kisha wakafanya skani. Kwa mimba changa hivi, skani nzuri zaidi ni ile inayoingizwa ukeni, kwa sababu hukaribia mfuko wa uzazi kuliko ile ya juu ya tumbo. Ilikuwa wiki 6 na siku 2 tangu hedhi ya mwisho. Kwa muda huo kifuko cha mimba kingetakiwa kuonekana ndani ya mfuko wa uzazi. Mfuko wa uzazi ulikuwa mtupu.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mama huambiwa au hujiambia, "Skani haikuona kitu," akarudi nyumbani ametulia. Kipimo kikiwa kinaonyesha mimba, skani tupu bado si jibu. Inaweza kumaanisha mimba ni changa mno, au imeharibika na kutoka, au iko mrijani. Kutofautisha haya matatu kunahitaji kipimo cha homoni ya mimba kwenye damu, mara mbili, baada ya saa 48.

Mara ya kwanza, tarehe 19, homoni yake ilikuwa 1,400. Mimba iliyo mahali pake na inayokua vizuri, ikianzia kiwango kama hicho, hupandisha homoni kwa karibu nusu au zaidi ndani ya siku mbili, yaani ingepita 2,000. Mimba inayotoka ingeshuka. Tarehe 21 homoni yake ilikuwa 1,720. Ilipanda, lakini kwa uvivu. Skani ya pili ikaonyesha uvimbe wa sentimita mbili na nusu karibu na kokwa la kushoto, bila mapigo ya moyo, na bila damu iliyomwagika tumboni. Mimba ilikuwa mrijani, na mrija ulikuwa bado mzima.

Kwa sababu alifika mapema, alikuwa na nafasi ya kuchagua. Daktari alimweleza kwamba angeweza kupasuliwa na mrija kuondolewa, au kupewa sindano ya methotreksati, dawa inayozuia seli za mimba zisiendelee kugawanyika. Sindano hii hufaa tu kama mama hana dalili za kuvuja damu, homoni haijapanda sana, uvimbe ni mdogo, ini na figo ni nzima, na mwenyewe anaweza kurudi kupimwa bila kukosa. Mama huyu alikidhi hayo yote, akachagua sindano. Alikatazwa pombe, vidonge vya foliki asidi na tendo la ndoa hadi aruhusiwe. Siku ya 4 homoni ilikuwa 1,900. Kupanda kidogo siku za kwanza ni kawaida. Siku ya 7 ilikuwa 1,450. Kinachoangaliwa ni kushuka kwa angalau asilimia 15 kati ya siku hizo mbili, na yake ilishuka zaidi ya hapo. Baada ya hapo alipimwa kila wiki mpaka homoni ikaisha kabisa. Kama isingeshuka, angepewa sindano nyingine au angepasuliwa.

Sasa mtazame mama yule yule kama angeendelea kumeza dawa za maumivu. Siku moja angepanda ngazi za ploti hadi ghorofa ya nne, maumivu makali ya ghafla yangemchoma chini ya tumbo, na angeanguka mlangoni. Mrija uliopasuka hauna sindano. Dawa yake ni damu na upasuaji wa haraka, na kinachohesabiwa ni dakika.

Dalili za kwenda hospitali papo hapo

Dalili za mrija unaovuja au uliopasuka hudanganya, kwa hiyo zieleweke vizuri. Maumivu ya chini ya tumbo, mara nyingi upande mmoja, ndiyo ya kwanza. Kizunguzungu au kuzimia mama anaposimama ni ishara kwamba damu imepungua mwilini, hata kama ukeni anatokwa na matone tu. Wingi wa damu inayoonekana haulingani na ile inayomwagika ndani. Wengine husikia kama wanataka kwenda haja kubwa, kwa sababu damu imekusanyika chini ya tumbo.

Dalili inayowashangaza wengi ni maumivu kwenye ncha ya bega, bila mtu kubeba kitu wala kugongwa. Damu iliyomwagika tumboni hugusa kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na neva ya hapo hupeleka maumivu begani. Mama mwenye koili au aliyefunga mirija, aliyekosa hedhi, anayeumwa tumbo na bega, asilale kungoja asubuhi.

Hali hiyo ikitokea, apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, kama Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, badala ya kupitia zahanati ndogo kwanza. Asiende peke yake, asipande boda akiwa na kizunguzungu, na asile wala kunywa njiani, kwa kuwa huenda akahitaji usingizi wa upasuaji.

Ikiwa koili bado iko ndani

Mara nyingi mimba ya mwenye koili huwa mahali pake, ndani ya mfuko wa uzazi. Hapo mtaani husemwa mtoto atazaliwa ameishika koili mkononi au atakuwa na kilema. Mtoto hukua ndani ya kifuko chake na koili hubaki nje ya kifuko hicho. Haimchomi, na shaba haijulikani kuleta kilema.

Hatari iliyopo ni nyingine. Koili ikibaki, mimba ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na viini vinaweza kuingia na kuleta mimba kuharibika pamoja na maambukizi yanayoweza kumuua mama. Kwa hiyo mama anayetaka kuendelea na mimba hushauriwa koili itolewe mapema, mara tu nyuzi zake zinapoonekana kwenye mlango wa mfuko wa uzazi. Kuitoa kuna hatari ndogo ya mimba kutoka, na mama aelezwe hivyo kabla. Lakini kuiacha ni hatari zaidi. Kazi hii ni ya mhudumu aliyefunzwa, kwa vyombo safi. Mama asijaribu kuvuta nyuzi mwenyewe nyumbani.

Nyuzi zisipoonekana, skani hutafuta koili ilipo. Ikiwa imepanda juu na haiwezi kutolewa bila kuharibu mimba, mama hufuatiliwa kwa karibu hadi kujifungua. Homa, kutetemeka, maumivu ya tumbo, uchafu wenye harufu au damu ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa koili haionekani popote kwenye skani wakati wa mimba, wauguzi huandika hivyo kwenye daftari la kliniki ili itafutwe baada ya kujifungua, kwa sababu huenda ilitoka zamani au huenda imepenya tumboni.

Makosa matatu yanayochelewesha

La kwanza ni kungoja tarehe ya kuanza kliniki ya wajawazito. Wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Mimba ya mrija mara nyingi hupasuka kabla ya hapo, kati ya wiki ya 6 na ya 12.

La pili ni kuihesabu damu yoyote kuwa hedhi. Koili ya shaba hufanya hedhi iwe nzito, na koili ya homoni huweza kuikata kabisa, kwa hiyo hedhi peke yake haitoshi kuwa kipimo. Damu iliyo tofauti na kawaida ya mama mwenyewe, iwe nyeusi, chache, au nje ya tarehe zake, ikiandamana na maumivu, ni sababu ya kupima mimba.

La tatu ni kununua vidonge vya kuteremsha hedhi kwa siri. Vidonge hivyo huufanya mfuko wa uzazi ujikaze na kutoa damu, na mama huamini mambo yamekwisha. Mimba iliyo mrijani haiguswi navyo. Inaendelea kukua, na sasa maumivu na damu vina maelezo ya uongo yanayomfanya abaki nyumbani.

Kinachohitajika siku ya kwanza

Mama aende na kadi yake ya kupanga uzazi, au aseme mwaka na mahali alipofunga mirija au kuwekwa koili. Aseme tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Asifiche kwamba anatumia njia ya kupanga uzazi, hata kama mume hajui. Mhudumu anawajibika kutunza siri hiyo. Kundi la damu lipimwe, kwa sababu mama mwenye kundi hasi, kama O negativu, huenda akahitaji sindano ya kulinda mimba zijazo. Asiyejua aanzie wapi amwendee mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au kituo cha afya kilicho karibu, siku ile ile kipimo kilipoonyesha mistari miwili.

Akina baba mliopo, kazi yenu katika jambo hili ni fupi na nzito. Mke akisema, "Nimefunga lakini kipimo kinaonyesha mimba," mazungumzo mengine yote yanaweza kufanyika wiki ijayo. Siku hiyo mpelekeni akapimwe.